Nusu Kijiko cha Chumvi kwa Koo Linalouma

Koo likianza kuchoma kila unapomeza mate, nyumba nyingi zina shauri moja: pasha maji, tia chumvi, sukutua. Shauri ni zuri. Tatizo ni kwamba chumvi hutiwa kwa kukisia, na hapa kipimo kina maana kubwa.

Koo linapouma kwa mafua, ngozi laini ya ndani na mafindofindo huwa vimevimba. Uvimbe huo kwa sehemu kubwa ni maji yaliyojipenyeza kwenye nyama ya koo. Majimaji ya mwilini yana chumvi kiasi cha gramu 9 kwa lita. Ukisukutua kwa maji yaliyozidi kiwango hicho, maji ya kwenye uvimbe huvutwa kutoka nje, kuelekea kwenye chumvi nyingi. Wanasayansi huita jambo hili osmosisi, nawe unalijua jikoni: vitunguu vya kachumbari vikinyunyiziwa chumvi, baada ya muda bakuli hujaa maji. Uvimbe ukipungua kidogo, maumivu nayo hupungua. Chumvi pia hulegeza makohozi mazito yaliyoganda nyuma ya koo, na maji huyaosha. Uvuguvugu wenyewe hutuliza, na huyeyusha chumvi upesi.

Sasa tupige hesabu. Kijiko cha chai cha chumvi laini ya mezani, kikisawazishwa kwa kisu kisibaki na kilima, hubeba karibu gramu 6. Glasi ya kawaida huchukua mililita 250. Ukitia robo kijiko, unapata gramu 6 kwa lita, chini ya kiwango cha mwili. Maji hayo yatakuosha na kukupa joto, lakini hayatavuta uvimbe. Ukitia nusu kijiko, unafika gramu 12 kwa lita, juu kidogo ya kiwango cha mwili, na hapo ndipo panapofaa. Ukijaza kijiko kizima unafika 24. Wengi huona koo linawasha na kukauka zaidi, na wengine hupata kichefuchefu. Kuongeza chumvi hakuharakishi nafuu.

Kama huna glasi unayoijua kipimo chake, tumia chupa tupu ya maji ya nusu lita kupimia: maji ya chupa moja kwa kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa. Yanatosha kusukutua mara mbili. Chumvi ya mawe itwange kwanza, kwa sababu punje kubwa huacha nafasi katikati na kijiko hubeba kidogo kuliko unavyodhani. Koroga mpaka usisikie tena punje zikikwaruza chini ya glasi. Maji yawe safi, na yawe vuguvugu kiasi cha kuweza kutumbukiza kidole bila kushtuka.

Piga funda moja, inua uso juu, kisha toa sauti ya "aaa" ili pumzi iyachemshe maji nyuma ya ulimi. Usipoinua uso, utaosha meno tu. Endelea kwa sekunde 15 hadi 30, tema, kisha rudia mpaka glasi iishe. Usimeze, hasa kama una shinikizo la damu. Fanya hivyo mara tatu au nne kwa siku. Baada ya kula na kabla ya kulala ni nyakati nzuri. Nafuu yake ni ya muda, ndiyo maana inabidi kurudia. Watoto wa chini ya miaka sita kwa kawaida hawawezi kusukutua koo bila kumeza au kupaliwa, kwa hiyo wasilazimishwe.

Maji haya yana mpaka wake. Hayafiki kwenye zoloto, kwa hiyo sauti iliyokauka haitarudi kwa kusukutua. Wala hayaponyi maambukizi. Koo la mafua huisha lenyewe, mara nyingi ndani ya wiki moja, na chumvi hukupunguzia tu adha ya kusubiri.

Lakini yapo maumivu ya koo yanayoletwa na bakteria aina ya streptokoka, hasa kwa watoto wa miaka 5 hadi 15. Huanza ghafla, pamoja na homa, mitoki inayouma shingoni na pengine utando mweupe kwenye mafindofindo, na mara nyingi hakuna kikohozi. Yasipotibiwa, yanaweza kuleta homa ya rumatiki, ambayo huharibu vali za moyo. Dawa ya antibiotiki ikianza kutumiwa ndani ya siku tisa tangu koo lianze kuuma, hatari hiyo huzuilika. Mtoto mwenye dalili hizo apelekwe kituo cha afya mapema, na chumvi iwe ya kumtuliza tu. Na yeyote anayeshindwa kumeza mate, kufungua kinywa au kupumua vizuri aende hospitali saa hiyo hiyo.