Kura Moja, Hesabu Mbili

Katika mtihani wa siasa unaweza kukutana na swali hili: "Eleza tofauti kati ya uchaguzi wa mshindi kwa kura nyingi na uchaguzi wa uwiano wa kura." Wengi hujibu haraka kwamba mmoja una haki na mwingine hauna haki. Jibu hilo halipati alama nyingi. Msahihishaji anataka kuona kama unajua kura zinavyohesabiwa mpaka zikawa viti. Basi tuhesabu pamoja.

Chukua punje za maharage, ugawe mafungu manne. Kila fungu ni jimbo moja, na kila jimbo lina kura 100. Vyama vinavyoshindana ni vitatu. Tuviite Jembe, Kikapu na Mtungi. Majina haya ni ya mfano tu.

Katika majimbo matatu ya kwanza matokeo ni sawasawa. Kila jimbo Jembe wanapata kura 45, Kikapu 40 na Mtungi 15. Katika jimbo la nne mambo ni tofauti. Huko Mtungi wanapata kura 60, Kikapu 30 na Jembe 10.

Kwa njia ya mshindi kwa kura nyingi, kila jimbo huamuliwa peke yake. Anayewazidi wenzake, hata kwa kura moja, ndiye mbunge. Angalia jimbo la kwanza. Jembe wana kura 45 tu katika 100, yaani hawakufika nusu, lakini wameshinda. Kwa hiyo usiandike kwamba mshindi lazima apate zaidi ya nusu. Kura 55 za wenzake zimebaki bila kiti katika jimbo hilo.

Hesabu viti sasa. Jembe wana viti 3. Mtungi wana kiti 1. Kikapu hawana kitu.

Kabla ya kukusanya maharage, jumlisha kura za majimbo yote manne. Jembe wana 145. Mtungi wana 105. Kikapu wana 150. Chama kilichopata kura nyingi kuliko vyote ndicho kilichotoka mikono mitupu! Hakuna aliyeiba kura. Kura za Kikapu zilitawanyika, wakawa wa pili kila mahali, na wa pili hapewi kiti. Mtungi walikuwa na kura chache, lakini zilirundikana mahali pamoja.

Kwa njia ya uwiano, jumla ya kura ndiyo inayogawa viti. Kura zote ni 400 na viti ni 4, basi kila kura 100 zinanunua kiti kimoja. Kila chama kinapata kiti kimoja kwanza. Kimebaki kiti kimoja. Jembe wamebakiwa na kura 45, Kikapu 50 na Mtungi 5. Kikapu wana baki kubwa kuliko wenzao, kwa hiyo wanakichukua. Mwisho ni Kikapu viti 2, Jembe 1, Mtungi 1. Kura ni zilezile, punje hazikuongezeka, lakini bunge limekuwa jingine. Nchi nyingine hugawa mabaki kwa njia tofauti kidogo, ila msingi ni huo.

Sasa tutoke kwenye maharage twende kwenye uchaguzi wa kweli. Mwaka 2010 watu wa nyanda za juu za Kigoma waliona hesabu zote mbili katika uchaguzi mmoja. Wakati huo wilaya ya Kasulu ilikuwa na majimbo matatu: Kasulu Mjini, Kasulu Vijijini na Manyovu. Wilaya ya Kibondo ilikuwa na mawili: Muhambwe na Buyungu. Chama cha NCCR-Mageuzi kilishinda Kasulu Mjini, Kasulu Vijijini na Muhambwe. Kilishinda pia Kigoma Kusini. Jumla viti vinne, vyote katika mkoa mmoja wa Kigoma. Huo ndio Mtungi wa mfano wetu.

Lakini Bunge la Tanzania lina wabunge wengine, wanawake wa viti maalum. Hawa hawapigiwi kura jimboni. Kila chama hupeleka orodha ya majina kwa Tume ya Uchaguzi. Kisha viti hugawanywa kwa kadiri ya kura za ubunge ambazo chama kimepata nchi nzima. Hiyo ni njia ya uwiano. Ila Katiba imeweka kizingiti: chama kisichopata angalau kura 5 katika kila 100 halali hakimo katika mgawo.

Mwaka huo viti maalum 102 viligawanywa kwa vyama vitatu tu. CCM walipata 67, CHADEMA 25 na CUF 10. NCCR-Mageuzi, pamoja na ushindi wao wa Kasulu na Kibondo, hawakupata hata kimoja. Kura zao zilitosha kushinda Kigoma, lakini zilipochanganywa na za nchi nzima hazikufika kizingiti.

Tazama pia CUF na CHADEMA. Katika majimbo CUF walipata viti 24, na CHADEMA 23. Ungedhani CUF ndio waliopigiwa kura nyingi. Sivyo. CHADEMA walipata karibu kura 24 katika kila 100, na CUF zaidi kidogo ya 10. Viti vingi vya CUF vilitoka Zanzibar, hasa Pemba, ambako majimbo yana wapiga kura wachache. Kura za CHADEMA zilitapakaa bara nzima. Majimbo yalikuwa 239. Kama yote yangegawanywa kwa uwiano, CHADEMA wangepata kama viti 57. CCM, waliopata karibu kura 60 katika 100, wangepata kama 143 badala ya 186.

Kwa hiyo wewe mpiga kura wa Kasulu, karatasi yako moja ya ubunge ina kazi mbili. Kwanza inahesabiwa jimboni. Kisha inaingia katika jumla ya chama kwa ajili ya viti maalum. Mgombea wako akishindwa jimboni, kura yako bado inaweza kuleta mbunge mwanamke kutoka orodha ya chama hicho, kama kizingiti kimevukwa.

Usisahau upande wa pili, maana njia ya uwiano nayo ina kasoro. Mtu aliyeingia kwa orodha hana jimbo. Daraja likivunjika Muhambwe, watu wanajua ni mbunge gani wa kumwuliza. Tena anayepanga majina katika orodha ni chama, si mwanakijiji. Jirani zetu wa Burundi, ng'ambo tu ya mpaka, huchagua wabunge wao kwa orodha za vyama. Mpiga kura wa huko anachagua orodha, hachagui mtu mmoja.

Katika mtihani unaweza kuanza hivi: "Kwa njia ya kwanza, kila jimbo humpa kiti yule aliyewazidi wenzake, na kura za walioshindwa hazileti kiti. Kwa njia ya uwiano, viti hufuata jumla ya kura za kila chama." Halafu toa mfano wa Kigoma mwaka 2010, na taja faida na kasoro moja ya kila njia.

Jaribu hesabu hii kabla ya kufunga daftari. Rudi kwenye Jembe, Kikapu na Mtungi. Tuseme kizingiti ni kura 30 katika kila 100. Ni chama gani kitatolewa? Na viti vinne vitagawanywaje kwa vyama vilivyobaki?