Kibali cha ujenzi: karatasi tatu, ploti moja

Mkaazi yeyote wa Galbet anayetaka kujenga nyumba, kuongeza ghorofa au kugeuza chumba cha mbele kuwa duka anahitaji kibali kabla fundi hajachimba msingi. Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2019 inasema hivyo katika kifungu cha 57. Anayeanza bila kibali anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 500,000, kufungwa kwa muda usiozidi miezi miwili, au yote mawili. Zaidi ya hayo, anaweza kuamriwa kuirudisha ardhi katika hali yake ya awali ndani ya siku 90, yaani kubomoa kwa gharama yake mwenyewe.

Ombi la kibali huambatanishwa na karatasi za aina tatu: ramani ya jengo, uthibitisho wa umiliki na ridhaa ya majirani. Watu wengi huzitafuta moja moja, kwa watu tofauti na kwa miezi tofauti. Afisa wa mipango huzisoma pamoja. Anachotafuta ni kama zote tatu zinazungumzia ploti ileile, ukubwa uleule na mwenyewe yuleyule. Zikitofautiana, ombi husimama hapo.

Tuchukue mfano wa kubuni. Mama mmoja anataka kujenga kwenye ploti iliyoachwa na marehemu baba yake. Barua ya mgao inasema ploti ina upana wa mita 15 na urefu wa mita 30, na ni ya makazi. Mpango wake ni nyumba ya familia nyuma na maduka mawili mbele, yakitazama barabara.

Umiliki: jina la nani?

Ploti nyingi mjini Garissa hushikiliwa kwa barua ya mgao iliyotolewa na baraza la zamani, wala si kwa hatimiliki. Barua hiyo ina uzito, lakini ina mpaka wake. Mnamo Septemba 2023, Mahakama ya Juu iliamua katika kesi ya kampuni ya Torino Enterprises dhidi ya Mwanasheria Mkuu kwamba barua ya mgao peke yake haimpi mtu umiliki wa ardhi. Aliyepewa lazima atimize masharti yaliyoandikwa ndani yake, pamoja na malipo, kisha ardhi isajiliwe kwa jina lake.

Kwa hiyo barua tupu haitoshi kwenye ombi. Ambatanisha risiti za malipo yaliyotajwa ndani ya barua, risiti za kodi ya ardhi za kaunti hadi mwaka huu, na uthibitisho wa ofisi ya ardhi kwamba nambari ya ploti imo kwenye ramani ya upimaji na haikupewa mtu mwingine. Mwenye hatimiliki huambatanisha nakala yake pamoja na matokeo ya upekuzi rasmi wa sajili. Barua ya chifu au ya wazee husaidia kuonyesha nani amekaa hapo na kwa muda gani, lakini haichukui nafasi ya hati hizo.

Kwa mama wa mfano wetu kuna jambo la pili. Barua ina jina la baba, na marehemu hawezi kuomba kibali. Familia ya Kiislamu inaweza kwenda katika Mahakama ya Kadhi, ambayo hutoa amri ikiwataja warithi na fungu la kila mmoja. Ikiwa warithi ni watatu, mama huyo hawezi kuomba kana kwamba ploti ni yake peke yake. Ama wenzake wamwachie fungu lao kwa maandishi na jina libadilishwe, ama wote watatu watie sahihi kwenye ombi. Ni afadhali hili limalizike kabla ya kumlipa mchoraji, kwa sababu mrithi aliyeachwa nje anaweza kusimamisha ujenzi mahakamani hata kama kibali kimetoka.

Ramani: pima ardhi, kisha uchore

Kosa linalogharimu zaidi ni kuchora ramani kwa vipimo vya barua bila kupima ardhi yenyewe. Kwa mama wetu, mchoraji alichukua mita 15 za barua, akaweka nyumba ya upana wa mita 11, akabakiza mita mbili kila upande. Kwenye karatasi kila kitu kilikaa sawa.

Mpima ardhi mwenye leseni alipotafuta vigingi vya mipaka, alikuta ua wa jirani wa kushoto umeingia ndani kwa sentimita 80. Upana ulio wazi ni mita 14 na sentimita 20. Nyumba ileile ikijengwa pale ilipochorwa, upande wa kushoto itabakiwa na mita moja na sentimita 20 tu. Njia ya kupita kwenda nyuma imebanwa, dirisha linatazama ua wa jirani, na maji ya paa yanaweza kumwagikia kwake. Afisa akifika na futi ya kupimia, ataona mara moja kwamba ramani haielezi ardhi iliyo mbele yake.

Mama ana njia mbili. Anaweza kupunguza upana wa nyumba hadi mita 10 na sentimita 20, mita mbili zibaki kila upande, lakini asisahau kwamba kufanya hivyo ni kama kuukubali ua uliopo. Au anaweza kudai mpaka wa kweli. Hapo mpima huweka vigingi upya jirani akiwepo, na wakishindwa kuelewana suala hupelekwa ofisi ya ardhi. Kwa ardhi iliyosajiliwa, mgogoro wa mpaka huanzia kwa Msajili wa Ardhi kabla ya mahakama. Katika njia zote mbili, ramani huchorwa upya baada ya mpaka kujulikana.

Ramani ya jengo inahitaji sahihi na muhuri wa msanifu majengo aliyesajiliwa, na ile ya nguzo, mihimili na msingi inahitaji mhandisi aliyesajiliwa na Bodi ya Wahandisi. Usikubali muhuri wa mtu usiyemjua. Uliza nambari yake ya usajili na uithibitishe kwenye bodi husika.

Ukurasa unaosomwa kwanza ni ule unaoonyesha ploti nzima kutoka juu. Uonyeshe umbali kutoka kila ukuta hadi kila mpaka, barabara, lango, mahali pa choo au tangi la maji taka, na maji ya mvua yanakoelekea. Jambo hili la mwisho lina uzito Garissa, ambako laga huwa kavu miezi mingi kisha hujaa kwa saa chache. Ukiinua kiwanja chako kwa kifusi bila kuonyesha mfereji, maji yaliyokuwa yakipita kwako yatahamia kwa jirani.

Majirani: wanakubali nini hasa?

Ridhaa ya jirani haithibitishi kwamba ploti ni yako, na haigeuzi mpaka. Inaonyesha kwamba wanaopakana nawe wameiona ramani na wameelewa kitakachosimama kando yao. Kwa hiyo karatasi iliyoandikwa tu kwamba jirani hana pingamizi haina nguvu kubwa. Iliyo bora ni nakala ya ramani yenyewe ikiwa na jina la jirani, nambari ya kitambulisho, nambari ya ploti yake, sahihi na tarehe.

Anayetia sahihi ni mwenye ploti, si mpangaji. Ikiwa mwenyewe yuko Nairobi au ng'ambo, anaweza kumwandikia mtu idhini ya kumwakilisha, na idhini hiyo iambatanishwe. Anza na wanaopakana nawe kushoto, kulia na nyuma.

Mambo mawili ndiyo huleta mvutano. La kwanza ni choo. Kanuni inayotumiwa sana ya afya inataka shimo la choo liwe angalau mita 30 kutoka kisima cha maji. Katika ploti yenye urefu wa mita 30, umbali huo huenda usipatikane ikiwa jirani ana kisima karibu na mpaka. Hapo utahitaji tangi lisilovuja linalonyonywa na lori, na ramani lazima ionyeshe lori litapita wapi. Mita moja na sentimita 20 za mama wetu hazitoshi lori.

La pili ni maduka. Barua inasema makazi, na duka ni biashara. Hilo ni kubadilisha matumizi ya ardhi, nalo linahitaji idhini yake. Sheria inamtaka mwombaji autangazie umma mradi wake ili mwenye maoni ayatoe. Hapa hata jirani wa ng'ambo ya barabara ana la kusema, kwa sababu ya magari na wateja.

Jirani akikataa, ombi halifi. Mamlaka ya kutoa au kunyima kibali ni ya waziri wa kaunti anayehusika na mipango, si ya jirani. Mwombe aandike sababu zake, uziambatanishe pamoja na maelezo yako. Malalamiko kuhusu maji taka, mpaka au mwanga hupimwa. Kinyongo cha kifamilia si sababu ya mipango.

Siku za kuhesabu

Unapowasilisha ombi, chukua nakala iliyogongwa muhuri wenye tarehe pamoja na risiti ya ada. Ombi hupelekwa kwa idara nyingine, kama vile afya ya umma, upimaji na barabara, ili zitoe maoni. Sheria inasema mwombaji asipopata jibu la maandishi ndani ya siku 60, kibali huchukuliwa kuwa kimetolewa. Bila nakala yenye muhuri huwezi kuthibitisha siku hizo zilianza lini. Pia ukimya huo haulindi ombi lenye hati ya uongo, wala haumpi mtu ardhi isiyo yake.

Jibu likiwa la kukataa, soma sababu zilizoandikwa. Una siku 14 kukata rufaa kwa Kamati ya Maafikiano ya Mipango ya kaunti, nayo ina siku 14 kuamua. Asiyeridhika bado anaweza kwenda Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Nafasi hiyohiyo iko wazi kwa mtu mwingine anayeguswa na uamuzi, akiwemo jirani aliyepinga kibali kikatolewa.

Kibali kikitoka, mradi husajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi kabla ya kazi kuanza. Weka nakala ya ramani iliyoidhinishwa hapo kwenye kiwanja, kwa sababu ndiyo mkaguzi atakayoishika mkononi akipima msingi wako. Ukitaka kusogeza ukuta au kuongeza chumba katikati ya kazi, ramani ya mabadiliko hurudishwa kuidhinishwa kwanza, na jirani anayeguswa huonyeshwa tena.