Kondakta, Chenji na Lugha za Nairobi

Abiria mmoja wa Nairobi alipanda basi akamwambia kondakta, kwa Kiswahili, kwamba anakwenda Posta. Nauli ilikuwa senti 50. Abiria akatoa shilingi moja, akaambiwa angojee chenji. Basi likaenda. Alipoidai, bado kwa Kiswahili, kondakta akamjibu kwamba ataipata tu, bwana. Posta ilipokaribia na mkono bado mtupu, abiria akaacha Kiswahili, akasema kwa Kiingereza cha vitabuni kwamba anakaribia mwisho wa safari yake. Kondakta naye akamrudishia kwa Kiingereza hichohicho: kwani anadhani atatoroka na chenji yake?

Kisa hiki kilichapishwa na Carol Myers Scotton na William Ury mwaka 1977, na bado kinasomeshwa vyuoni kueleza kubadili msimbo, yaani kuhama kutoka lugha moja hadi nyingine ndani ya mazungumzo yaleyale. Wanaisimu husema "msimbo" badala ya "lugha" kwa sababu mtu anaweza pia kuhama kutoka lahaja hadi lahaja, au kutoka Kiswahili cha darasani hadi Sheng.

Tazama kilichotokea ndani ya basi. Abiria hakuishiwa na maneno; chenji alishaidai kwa Kiswahili akaeleweka vizuri. Alichotaka ni kubadilisha cheo chake katika ugomvi ule. Kwa Kiswahili alikuwa abiria kama abiria wengine. Kwa Kiingereza alikuwa anajitambulisha: mimi ni msomi, usinichezee. Kondakta angeendelea na Kiswahili angekuwa amekikubali cheo hicho. Alipojibu kwa Kiingereza alikifuta palepale, na wakabaki sawa. Jambo kubwa katika mabishano yao halikuwamo katika maneno yenyewe hata kidogo.

Scotton, ambaye baadaye aliandika kama Myers-Scotton, alijenga nadharia yake juu ya visa vya namna hii. Hoja yake ni kwamba kila lugha katika mji kama Nairobi imebeba haki na wajibu fulani kati ya wanaozungumza, na anayebadili lugha anapendekeza haki na wajibu mwingine. Kisa chake kingine kinalionyesha hilo bila ugomvi. Mgeni kutoka upande wa Kakamega anafika kwenye mlango wa ofisi kubwa mjini. Mlinzi anamhoji kwa Kiswahili: unataka kumwona nani, unamjua kweli? Katika kujieleza, mgeni anataja kwamba anayemtafuta ni Mluhya. Mlinzi, Mluhya pia, anatabasamu na kuhamia Kiluhya. Ghafla si mlinzi na mgeni tena, ni watu wa kwao. Akitokea mgeni mwingine, mlinzi anarudi kwenye Kiswahili chake cha kazini.

Viweke visa hivi viwili pamoja uone Kiswahili kinavyosogea. Mlangoni, mbele ya Kiluhya, ndicho lugha ya kazi, ya kuweka umbali. Kwenye basi, mbele ya Kiingereza, ndicho lugha ya watu wote, isiyo na ukubwa. Lugha ni ileile, mji ni uleule, ila jirani yake amebadilika.

Hapo ndipo inapoingia dhana ya pili, diglosia. Charles Ferguson aliieleza mwaka 1959 kwa mifano minne: nchi za Kiarabu, Ugiriki, sehemu ya Uswisi inayosema Kijerumani, na Haiti. Aliona jamii zenye sura mbili za lugha zilizogawana kazi. Ya juu ni ya hotuba, shule na maandishi. Ya chini ni ya nyumbani na sokoni. Alama yake kuu, ambayo wengi huisahau, ni kwamba ile ya juu hakuna anayeitumia kwa gumzo la kila siku, wala hakuna mtoto anayelelewa nayo. Msomi wa Kairo anaweza kusoma hotuba kwa Kiarabu fasaha, lakini hatamwagiza mkewe chumvi kwa Kiarabu hicho.

Kwa kipimo hicho kikali Nairobi haimo, kwa kuwa Kiingereza na Kiswahili si sura mbili za lugha moja. Joshua Fishman aliilegeza dhana hiyo mwaka 1967 ili iingize hata lugha zisizo na undugu, mradi zimegawana kazi. Mwaka 1972, M. H. Abdulaziz Mkilifi akiandika kuhusu Tanzania alisema ngazi mbili hazitoshi. Aliona tatu: lugha ya kikabila, Kiswahili, kisha Kiingereza, na Kiswahili kiko katikati, juu ya moja na chini ya nyingine. Nadhani yeye ndiye aliyeiona Afrika Mashariki kwa usahihi zaidi, na mlinzi wetu na kondakta ni mashahidi wake.

Lakini watu hawabadili lugha kati ya sentensi tu. Wanazichanganya ndani ya sentensi, na wazee hulalamika kwamba vijana hawajui lugha yoyote. Sikiliza sentensi hii ya kawaida ya ofisini: "Ile miting ya boodi imekanseliwa, so usijali, nitakuforwadia imeili." Ukihesabu maneno, Kiingereza kimejaa. Ukitazama mifupa ya sentensi, Kiswahili ndicho mwenyeji. "Ile" na "imekanseliwa" vinapatana kwa ngeli, kutendwa kumeonyeshwa kwa "-iwa", na mtendwa "-ku-" amekaa mahali pake kabla ya mzizi. Kiingereza kimeleta mizigo. Nyumba, na sheria za nyumba, ni za mwenyeji. Kwa hiyo ukitaka kujua mtu anasema lugha gani, usihesabu maneno, tazama viambishi vya kitenzi.

Utajua kuna sheria kwa kuona kisichosemwa. Watu husema "alinikoli jana" mchana kutwa, lakini hutasikia mzizi wa Kiswahili ukivishwa alama ya wakati ya Kiingereza, kwa mfano "pigdi". Penye ufa ni kwenye wingi. "Maboizi" imebeba wingi mara mbili, "ma-" ya Kiswahili mbele na ya Kiingereza nyuma, na Myers-Scotton alilazimika kuieleza peke yake.

Vitenzi hivi viliwatatiza hata watafiti wa mbali. Mwaka 1980 Shana Poplack, aliyewachunguza Wapuerto Riko wa Niu Yoki, alipendekeza kwamba lugha haibadilishwi kati ya kiambishi na mzizi, isipokuwa mzizi umekwisha kutamkwa kwa sauti za lugha mwenyeji. Kwa Kihispania kanuni hiyo ilifanya kazi vizuri. Nairobi ina wasemaji wanaotia mzizi wa Kiingereza, kwa matamshi ya Kiingereza kabisa, kati ya "nime-" na mwisho wa neno. Wafuasi wa Poplack hujibu kwamba maneno hayo ni ya mkopo, si ubadilishaji. Ubishi huo haujaisha, maana mpaka kati ya neno la mkopo na neno la mgeni hauonekani kwa macho: "imeili" leo ni la nani?

Mtego kwa mwanafunzi ni kutafuta sababu katika kila neno lililobadilika. Kati ya vijana wengi wa mjini mchanganyiko ndio usemi wa kawaida, na neno moja la Kiingereza halimaanishi chochote cha pekee. Kinachostahili kuandikwa kwenye daftari ni kinyume chake: rafiki aliyekuwa akichanganya tangu asubuhi, akiulizwa kama atasaidiwa, anajibu kwa Kiswahili sanifu kisicho na doa, "Hapana, asante, sihitaji msaada wako." Wenzake wote wamekwisha kujua amekasirika.