Klipu za Kasi Tofauti za Fremu Katika Video Moja

Video ni mfuatano wa picha tuli zinazoitwa fremu, na kasi ya fremu ni idadi ya picha hizo katika sekunde 1. Televisheni za Afrika Mashariki zilifuata mfumo wa PAL, wenye fremu 25 kwa sekunde, na hadi leo wapiga video wengi wa eneo hili huziweka kamera zao kwenye 25. Simu nyingi, kwa upande wake, hurekodi fremu 30 zisipobadilishwa mipangilio. Klipu za aina hizo mbili zinapokutana kwenye video moja ya harusi, ndipo picha huanza kurukaruka.

Chanzo chake ni hesabu. Video inayohaririwa huwa na kasi moja tu ya fremu, na kila klipu hulazimika kuifuata. Klipu ya simu yenye fremu 30 ikiingia kwenye mradi wa 25, programu hutupa fremu 1 katika kila 6. Mwendo huenda hatua sawasawa kwa fremu chache, kisha huruka hatua mbili kwa mpigo, na mruko huo hujirudia mara 5 kila sekunde. Maharusi waliokaa kitini hawatauonyesha. Lakini msafara wa matarumbeta unaopita mbele ya simu utaonekana kama unakwamakwama, hasa ikiwa simu nayo ilikuwa inageuzwa kuufuata.

Klipu ya fremu 50 haina tatizo hilo: programu hutupa fremu moja na kubakiza moja, na hatua zote hubaki sawa. Ile ya 60 haigawanyiki hivyo. Kila fremu ya mradi inahitaji fremu 2.4 za klipu, kwa hiyo programu husogea mara fremu 2, mara 3, na mwendo hukosa ulinganifu.

Kwa hiyo uamuzi wa kwanza ni kasi ya mradi. Ifuate klipu zilizo nyingi na zenye maneno ya watu, kwa kuwa hizo haziwezi kupunguzwa mwendo. Kwenye harusi hii ni klipu za kamera, basi mradi uwe wa 25. Uamuzi huo ufanywe kabla ya kuingiza klipu; katika DaVinci Resolve, kasi ya mradi haibadiliki tena klipu zikishaingizwa.

Hatua ya pili ni kuzisafisha klipu za simu. Simu nyingi hazirekodi kwa kasi thabiti: kwenye mwanga hafifu fremu hupungua, kwenye mwanga mwingi huongezeka. Dalili yake ni sauti inayoachana na midomo taratibu kadiri klipu inavyoendelea. Programu ya MediaInfo huonyesha neno `Variable` kwenye klipu kama hiyo. Tiba ni kuigeuza iwe na kasi moja kwa programu ya ffmpeg:

```
ffmpeg -i simu.mp4 -vf fps=30 -c:v libx264 -crf 16 -c:a copy simu30.mp4
```

Baada ya hapo kila klipu huamuliwa peke yake. Msafara wa matarumbeta, ikiwa utawekewa muziki, unafaa kupunguzwa mwendo hadi asilimia 83.33, yaani 25 gawanya kwa 30. Hapo kila fremu ya simu hupata nafasi yake, hakuna inayotupwa, na mwendo hutulia huku ukiwa wa taratibu kidogo. Klipu ya 60 hushushwa hadi asilimia 41.67, ikawa ya mwendo wa pole kabisa. Sauti ya klipu hizo huondolewa, maana nayo ingeburutika.

Hotuba ya mzazi iliyorekodiwa kwa simu haiwezi kupunguzwa. Kama anayezungumza ametulia, iachwe ilivyo. Kama kuna mwendo unaosumbua, ichaguliwe `Optical Flow`, ambayo hukadiria mwendo na kuchora fremu mpya za katikati. Kasoro zake hujitokeza pale vitu vinapokatizana: vidole vinavyopiga makofi huyeyuka, na maua ya kitenge hujikunja pembezoni mwa mkono unaopita. `Frame Blend` huchanganya fremu jirani, na mkono unaopunga huonekana miwili.

Ukaguzi hufanywa kwa kusogeza fremu moja moja kwa kitufe cha mshale, jicho likiwa kwenye kitu kimoja kinachotembea, mfano ukingo wa tarumbeta. Hatua zikilingana, klipu iko sawa. Ikitokea hatua ndefu ghafla, kuna fremu iliyotupwa, na picha ikisimama kwa fremu mbili, kuna iliyorudiwa. Mwisho, video itolewe kwa fremu 25 zilezile. Ikitolewa kwa 30, programu itarudia fremu 1 baada ya kila 5, na hata klipu za kamera zilizokuwa salama zitaanza kukwama.