Tani Zilizofichwa Ndani ya Gunia

Mwenye lori anapokata bima ya biashara nchini Kenya huulizwa gari lake lina uwezo wa kubeba tani ngapi, na kama litabeba mizigo yake au ya wateja. Malipo hupanda kadiri tani zinavyopanda, kwa hiyo wapo wanaoandika tano badala ya nane. Siku ya ajali jibu hilo hulinganishwa na hati ya usajili. Likipatikana la uongo, kampuni inaweza kuikana bima yenyewe, hata kama gari lilikuwa tupu.

Wengine huandika ukweli na bado wakaumia, kwa sababu ya jinsi mzigo unavyofungwa. Tuseme lori la ekseli mbili, lenye tani 6.5 likiwa tupu na lililosajiliwa kubeba tani 8, linapakia viazi Molo. Utingo anahesabu magunia 160. Kwa kilo 50 kila gunia, kama kanuni za viazi za mwaka 2019 zinavyotaka, hizo ni tani 8 kamili. Lakini magunia yamejazwa kupita mdomo na kufungwa wavu juu, kila moja kilo 80. Zimepanda tani 12.8. Pamoja na gari ni 19.3, ilhali sheria ya Afrika Mashariki inaliruhusu lori la ekseli mbili tani 18 tu.

Kwenye mteremko wa Sachangwan breki zinapata moto na kulegea. Lori linamgonga mwendesha bodaboda, kisha linapinduka. Mkaguzi wa bima atasoma idadi ya magunia kwenye risiti ya ushuru wa kaunti, atapima machache yaliyosalia na kuzidisha. Ngoma za breki zilizobadilika rangi kwa joto zitammalizia hesabu.

Kwa majeruhi, sheria ya bima ya magari, Sura ya 405, hairuhusu kampuni ya bima kujificha nyuma ya uzito wa mzigo. Kampuni humlipa, hadi shilingi milioni 3, halafu inaweza kumdai mwenye lori fedha hizo. Hiyo ni haki, kwani mwendesha bodaboda hakupakia viazi. Lori lenyewe ni habari nyingine: bima nyingi huondoa uharibifu unaosababishwa na kuzidisha mzigo, na hapa chanzo kiko wazi. Viazi navyo havimo, ila kwa bima ya mizigo safarini.

Je, kama lori lingekuwa limeegeshwa likagongwa kwa nyuma? Hapo soma maneno ya mkataba wako. Ukisema “uharibifu uliosababishwa na” mzigo kuzidi, una hoja, maana mzigo haukusababisha kitu. Ukisema “wakati gari limebeba” zaidi, hoja hiyo inakuwa ngumu.

Mwambie wakala wako leo akuonyeshe kifungu hicho, na kabla ya kupakia, pima gunia moja.