Doa Linalorudi Palepale

Chukua mtu aliyemeza septrini kwa ajili ya kikohozi. Baada ya saa kadhaa mdomo wa chini unamwasha, kisha linatokea doa la duara, jekundu lililoiva, pengine lenye lengelenge katikati. Baada ya wiki moja au mbili wekundu unaisha, lakini weusi unabaki kwa miezi. Mwaka unaofuata anaharisha, anapewa septrini tena, na doa linawaka palepale. Safari hii limekuja upesi zaidi, na jingine jipya limezuka mkononi.

Doa halihami kwa sababu baadhi ya seli za kinga hubaki ndani ya ngozi ya sehemu ile. Dawa ikirudi mwilini, zinaamka na kushambulia seli za ngozi zilizo jirani. Rangi ya ngozi huzama chini zaidi, ndiyo maana weusi hukawia kufutika.

Tabu kubwa ni doa likitokea uumeni. Wengi hudhani ni ugonjwa wa zinaa, ndoa hutikisika, na mgonjwa huongezewa antibiotiki, pengine ileile iliyomletea doa. Swali la kumuuliza ni moja: ulimeza nini siku mbili zilizotangulia? Ataje hata vidonge vya maumivu vya dukani, ambavyo watu hawavihesabu kuwa dawa.

Tiba ni kuacha dawa hiyo na kuiandika kwenye daftari la kliniki. Anayeimeza kila siku kwa sababu ya VVU amwone daktari abadilishiwe. Malengelenge yakienea, au vidonda vya kinywani vikiambatana na homa, aende hospitali siku hiyohiyo.