Mauzo Yanakumbuka Nini?

Muulize mwenye duka la gesi ya kupikia ataagiza mitungi mingapi mwezi ujao, na jibu lake huwa moja kati ya mawili. Yuko anayetazama alichouza mwezi uliopita na kuagiza hivyo hivyo. Yuko anayejumlisha mauzo ya mwaka mzima, akagawanya kwa 12, akaagiza huo wastani. Wa kwanza anauamini mwezi uliopita kuliko miezi mingine yote. Wa pili anauhesabu sawa na mwezi wowote wa nyuma, hata ule wa mwanzo wa mwaka. Kabla ya kuchagua upande, inafaa kuyauliza mauzo yenyewe: je, mwezi mmoja unaathiri ule unaoufuata, na kwa kiasi gani?

Tuchukue duka la mfano lililouza mitungi hii kuanzia Januari hadi Desemba: 60, 64, 58, 66, 70, 68, 74, 72, 66, 70, 76, 72. Tunahesabu mitungi, hatuhesabu shilingi, kwa sababu bei ikipanda daftari litaonyesha biashara inakua hata kama wateja ni wale wale. Jambo jingine la kuandikwa pembeni ni siku ambazo mzigo uliisha dukani. Kama Septemba iliuza 66 kwa sababu mitungi ilikwisha tarehe 20, basi 66 ni idadi ya mitungi iliyokuwepo, na waliorudi mikono mitupu hawamo ndani yake.

Wastani wa mwaka ni 68. Ondoa 68 katika kila mwezi, utabaki na tofauti: Januari iko chini kwa 8, Februari chini kwa 4, Machi chini kwa 10, na kadhalika, mpaka Novemba iliyo juu kwa 8 na Desemba juu kwa 4. Sasa zidisha tofauti ya kila mwezi kwa tofauti ya mwezi unaoufuata. Januari na Februari zote ziko chini, hasi mara hasi, unapata chanya 32. Aprili iko chini kwa 2 na Mei juu kwa 2, unapata hasi 4. Ukijumlisha mazao yote 11 unapata 148. Mwisho, zidisha kila tofauti kwa yenyewe na ujumlishe: 328. Gawanya 148 kwa 328, jibu ni 0.45.

Hiyo ndiyo otokorilesheni ya pengo la mwezi mmoja. Ingekuwa karibu na 1, mwezi wa juu ungefuatwa karibu kila mara na mwezi wa juu. Ingekuwa sifuri, mwezi uliopita usingekuambia lolote kuhusu unaokuja. Ingekuwa hasi, mwezi mzuri ungefuatwa na mbaya, kama inavyotokea pale wateja wanaponunua kwa wingi mwezi mmoja na kupumzika unaofuata. Rudia hesabu kwa pengo la miezi miwili, yaani Januari na Machi, Februari na Aprili, unapata 0.21. Kwa miezi mitatu ni 0.12, na kwa minne ni hasi 0.07. Chora kila jibu kama nguzo, pengo la 1 kushoto kisha 2, 3 na kuendelea kulia, hapo una grafu ya otokorilesheni. Programu ya R huichora kwa mistari miwili:

```
mauzo <- c(60,64,58,66,70,68,74,72,66,70,76,72)
acf(mauzo)
```

Asiyeizoea hushtuka kwanza kuona nguzo ndefu kabisa upande wa kushoto. Hiyo ni ya pengo la sifuri, mwezi ukilinganishwa na wenyewe. Daima ni 1, wala haina habari yoyote. Kisha ataona mistari miwili ya vidoti, mmoja juu na mmoja chini. Kati ya mistari hiyo ni eneo ambalo nguzo inaweza kufika kwa bahati tu, hata kama mauzo hayana kumbukumbu. Umbali wake kutoka sifuri ni takribani 2 ukigawanya kwa kipeuo cha pili cha idadi ya miezi. Kwa miezi 12 ni karibu 0.58.

Nguzo yetu ya 0.45 haikuvuka, na hapa ndipo wengi huharakisha kusema kwamba hakuna uhusiano. Miezi 12 ni michache mno kutoa hukumu hiyo. Duka hili hili likiwa na daftari la miezi 36, mstari ungeshuka hadi 0.33, na nguzo ya 0.45 ingeuvuka waziwazi. Kwa sasa tunachoweza kusema ni kwamba umbo la nguzo, zinazoshuka hatua kwa hatua kutoka 0.45 kuelekea sifuri, linafanana na mauzo ambayo kiwango chake husogea polepole huku yakitikiswa kila mwezi na mambo madogo madogo. Ni umbo linaloifaa njia iitwayo ulainishaji sahili wa kieksponensia.

Njia hii inahusishwa na Robert G. Brown, aliyeanza kuitumia wakati wa Vita Kuu ya Pili akiwa mchambuzi wa Jeshi la Majini la Marekani, katika kazi ya kufuatilia nyambizi. Baada ya vita aliihamishia kwenye kukadiria mahitaji ya vipuri ghalani, na mwaka 1959 akachapisha kitabu juu ya utabiri wa akiba ya bidhaa. Kilichomvutia mtu wa ghala ni kwamba haihitaji kuhifadhi historia ndefu. Inataka namba mbili tu: kadirio ulilokuwa nalo, na mauzo yaliyotokea.

Kanuni ni hii: chukua kadirio la mwezi ulioisha, tazama lilikosea kwa kiasi gani, kisha ulisogeze kwa sehemu ya hilo kosa. Sehemu hiyo huitwa alfa, namba kati ya 0 na 1. Tuiweke 0.5, yaani nusu, na tuanze kwa kuchukua mauzo ya Januari kuwa kadirio la Februari. Kadirio ni 60, Februari ikauza 64. Kosa ni 4, nusu yake 2, basi kadirio la Machi ni 62. Machi ikauza 58. Tumezidisha kwa 4, tunarudi 60 kwa ajili ya Aprili. Aprili ikauza 66, kwa hiyo Mei tunakadiria 63. Ukiendelea hivyo hadi mwisho wa mwaka unafika kwenye 72.3 kwa Januari ijayo. Kama miezi iko katika safu B kuanzia B2, kazi yote ni fomula mbili, ya pili ukiivuta chini mpaka C14:

```
C3:  =B2
C4:  =C3+0.5*(B3-C3)
```

Ukiifungua hesabu hiyo utaona kwamba mwezi uliopita umepewa uzito wa nusu, ule wa kabla yake robo, wa tatu nyuma moja ya nane, na kuendelea kufifia. Wale wenye duka wawili wa mwanzo wamepatanishwa: alfa ikiwa 1 unarudi kwa anayeuamini mwezi uliopita pekee, na kadiri alfa inavyokaribia sifuri ndivyo unavyokaribia yule anayepima miezi yote kwa mzani mmoja.

Alfa huchaguliwa kwa kujaribu. Kwa nusu, makadirio yetu yalikosea kwa wastani wa mitungi 4.1 kwa mwezi. Kwa 0.3 yangekosea kwa 4.6. Kunakili tu mauzo ya mwezi uliopita kungekosea kwa 4.7. Hiyo namba ya mwisho ndiyo ninayoitazama kwanza, maana hesabu yoyote isiyoishinda tabia ya kunakili haistahili jasho lake. Hapa imeshinda, kwa tofauti ndogo.

Sasa grafu inarudi kazini, safari hii kwa makosa yenyewe. Yachukue makosa yote 11 uyachoree otokorilesheni. Pengo la mwezi mmoja linatoa hasi 0.17, nguzo fupi. Maana yake, kumbukumbu iliyokuwemo katika mauzo imeshatumika na iliyobaki ni ndogo. Kama nguzo ya kwanza ya makosa ingekuwa ndefu na chanya, ingekuwa dalili kwamba alfa ni ndogo mno na makadirio yanachelewa kufuata soko.

Lakini grafu hii ina upofu mmoja. Inaanza kwa kuondoa wastani, kwa hiyo kosa linalojirudia kila mwezi kwa kiasi kile kile hailioni kabisa. Hesabu wastani wa makosa pamoja na alama zake: katika duka letu mauzo yalizidi kadirio katika miezi 8 kati ya 11, na kwa wastani yalizidi kwa mitungi 2.2. Duka linakua taratibu, na njia hii daima huja nyuma ya kinachopanda. Kadirio lake pia ni bapa: 72 kwa Januari, 72 kwa Februari, 72 kwa Machi. Charles Holt aliongeza kipande cha kufuata mwelekeo mwaka 1957, na Peter Winters akaendeleza upande wa misimu mwaka 1960. Kwa mitungi miwili ya ziada, mwenye duka anaweza tu kuongeza miwili kwa mkono.

Msimu ni jambo zito zaidi. Duka la vifaa vya shule nchini Tanzania huuza sana Januari, shule zinapofunguliwa. Tuseme kwa kawaida linauza daftari 200 kwa mwezi, na Januari 600. Kwa alfa ya nusu, fomula itamwambia mwenyewe aagize 400 kwa Februari, wakati wateja wamesharudi kwenye 200. Grafu ya mauzo ya miaka mitatu ingemwonya mapema kwa nguzo ndefu kwenye pengo la 12, iliyosimama peke yake baada ya nguzo fupi nyingi. Akiiona, asitumie ulainishaji sahili. Bora aitazame Januari iliyopita.

Kwa mwenye duka la nguo Mombasa au Unguja, hata nguzo ya 12 humdanganya. Idd el-Fitri ilikuwa karibu tarehe 21 Aprili mwaka 2023, tarehe 10 Aprili mwaka 2024, na mwisho wa Machi mwaka 2025. Kanzu na mabaibui ya sikukuu yaliuzwa Aprili, mwaka uliofuata yakagawanyika kati ya Machi na Aprili, kisha yakahamia Machi. Grafu inalinganisha Aprili na Aprili, inakuta moja imejaa na nyingine tupu, nguzo ya 12 inafupika na ya 11 inaanza kuchomoza. Anayesoma haraka atasema duka halina msimu. Dawa ni kuyapanga mauzo kwa miezi ya Hijria, Ramadhani ikakaa mkabala na Ramadhani, ndipo uchore upya. Hilo linawezekana tu kama daftari linaandikwa kwa siku, kwa kuwa jumla ya mwezi mzima wa Machi haiwezi tena kugawanywa kujua kipi kiliuzwa kabla ya mwandamo na kipi baada yake.